Saa Yetu Haisogezwi

Mtu akiniuliza leo kama ninapatikana wakati wowote, namjibu hapana kabla hajamaliza swali. Napatikana kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, kwa saa ya Bukavu, Jumatatu mpaka Ijumaa, na anayetaka zaidi ya hapo atafute malaika. Kuna watu wanaosema nina kiburi. Ninacho, tena nimekitafuta kwa jasho langu, na sina mpango wa kukipunguza.

Kazi yetu ni kusikiliza. Watafiti wanapita vijijini na vinasa sauti, huko Mwenga na Shabunda kwa wachimbaji wa dhahabu, huko Luvungi kwa wakulima wa bondeni, wanauliza watu maisha yanakwendaje. Rekodi zinaletwa kwetu. Tunaziandika neno kwa neno, kikohozi na kicheko pia, kisha tunazitia katika Kifaransa kwa ajili ya ofisi ya utafiti iliyoko Montreal, Kanada. Mara mbili kwa wiki tunakutana nao kwenye mtandao, watuulize pale ambapo hawakuelewa: huyu mama aliposema "shamba limechoka" alikuwa na maana gani, huyu mzee alikuwa anacheka au analia.

Tulikuwa watatu katika chumba kimoja cha nyumba yetu ya Muhumba, hapa Bukavu, kile ambacho marehemu baba alikiita biro yake, yaani ofisi. Nilikuwepo mimi. Alikuwepo papa mmoja, ndivyo tunavyowaita wazee wetu, aliyesoma habari redioni miaka mingi mpaka redio yenyewe ikashindwa kununua mafuta ya jenereta. Sauti yake ni nzito, na sikio lake linashika maneno hata chini ya kelele za mvua kwenye bati. Na alikuwepo dada mmoja wa Nyantende, msomi wa chuo kikuu kama mimi, aliyechukua rekodi zote za Kimashi. Mimi Kimashi changu ni cha salamu na matusi. Bila yeye, nusu ya kazi ingelala.

Wa nne hakuwa chumbani. Alikuwa tonton, mdogo wake mama yangu, mkazi wa Montreal tangu nikiwa sekondari. Yeye ndiye aliyetutafutia ile kazi. Alibisha hodi kwenye ofisi ile, akatusifu, akaapa kwamba sisi ni watu wa kuaminika, na ili wasiwe na shaka lolote akawaahidi kwamba tutapatikana usiku na mchana. Alituambia jambo hilo kwa fahari, kwenye simu, sisi tukapiga makofi. Hakuna aliyeona ubaya.

Na tungeuonaje? Kwetu mgeni akibisha, unafungua. Huangalii saa. Mama yangu anaweza kuwa na homa, lakini mtu akisema hodi getini atainuka, afunge kitenge vizuri, atie chai jikoni, na kumwambia mgeni kwamba alikuwa anamngoja. Kumwambia mtu "rudi kesho saa nne" ni kumtukana yeye na ukoo wake. Basi kila ujumbe wa Montreal tuliupokea kama mgeni mlangoni. Ukiingia wakati wa misa, mmoja wetu anatoka nje ya kanisa kuujibu. Ukiingia sokoni, unaweka viazi chini. Tulikuwa na jibu letu moja la adabu, "Tumepokea, tunafanya sasa hivi", na tulilituma hata umeme ukiwa umekatika tangu asubuhi na mashine zote zimezimika. Tulifikiri hiyo ndiyo heshima. Tena tulikuwa na hofu, nisifiche: tuliamini kwamba tukinyamaza kidogo tu, kuna chumba kingine katika nchi nyingine kitakachojibu kabla yetu.

Mama alikuwa anasonya. "Hiyo telefone iko bibi ao bwana ya hii nyumba?" aliniuliza siku moja mezani. "Juu unaiitika kuliko mimi."

Mikutano yenyewe mwanzoni haikuwa na shida. Ilikuwa saa tisa na nusu mchana kwetu, asubuhi kwao. Dada wa Nyantende alimaliza, akakunja kitenge chake, akashuka kutafuta gari, na kabla giza halijaingia alikuwa kwake na watoto wake. Kwa sababu hilo lilikuwa sharti lake, alilolisema siku ya kwanza kabisa alipokuja: afanye kazi yoyote, ila giza limkute nyumbani. Barabara ya kwenda kwao mchana ni barabara. Giza likiingia haina mwenyewe, na watu wa pikipiki wenyewe wanakataa kupita sehemu fulani hata ukiwaongezea. Kijijini kwake mtandao ni wa kubahatisha, hauwezi kubeba mkutano. Kwa hiyo ilikuwa chumba chetu au hakuna.

Halafu ofisi ile ikapata msimamizi mpya, mama mmoja mwenye haraka na adabu, akasogeza mikutano hadi saa tano asubuhi ya kwao. Kwetu ikawa saa kumi na moja jioni. Dada alihudhuria na begi lake likiwa begani tayari. Mkutano ukiisha alishuka ngazi mbio, akalipata gari la mwisho lililojaa mpaka mlangoni. Tuliona ugumu, tukajikaza. Hakuna aliyewaambia Montreal neno, kwa kuwa mgeni haambiwi kwamba amekaa vibaya.

Kisha Novemba ikaingia. Watu wa kule wana desturi ya kurudisha saa zao nyuma wakati wa baridi na kuzisogeza mbele siku zikianza kuwa ndefu. Sisi hatuna desturi hiyo. Jua letu halibadiliki vya kutosha kumsumbua mtu, saa zetu zinakaa pale zilipo mwaka mzima. Jumatatu ile tulikuja kazini kama kawaida, na mwaliko wa mkutano ulikuwa umeshuka wenyewe kwenye kalenda zetu: saa kumi na mbili jioni. Kwa msimamizi hakuna kilichobadilika, bado ni saa tano asubuhi na kikombe chake cha kahawa mkononi. Kwetu ilikuwa jua linazama, na mkutano ukiisha ni giza tupu.

Mara ya kwanza dada alibaki. Nilimwambia alale kwetu, akakataa kwa sababu mtoto wake wa mwisho alikuwa bado ananyonya. Pikipiki ilimfikisha nusu ya njia, dereva akageuza, akamwacha na tochi ya simu. Asubuhi alifika kazini akiwa na tope mpaka magotini na macho mekundu, akaketi, akavaa vipokea sauti vyake.

"Yaya, mi siwezi tena," aliniambia bila kugeuka, akiniita yaya kama anavyomwita mkubwa wake. "Nilikimbia mupaka nikasahau jina ya mutoto wangu. Mu kichwa nilikuwa naita tu 'mutoto, mutoto'."

Mkutano uliofuata hakubaki. Tonton, aliyekuwa akihudhuria mikutano yote kama mwakilishi wetu, aliulizwa mwenzetu yuko wapi. Akasema ana matatizo ya kifamilia. Msimamizi akasema pole, na akaomba, maana maswali ya Kimashi yalikuwa mengi, kwamba mara nyingine awepo yeye au mtu mwingine anayeweza. Ombi la kawaida kabisa. Lakini tonton alilisikia kama king'ora. Asubuhi yake nilikuta ujumbe wake: tutafute mtu wa mjini anayejua Kimashi, asiye na mambo mengi, na tumpate kabla ya wiki kuisha. Yule wa Nyantende tumshukuru.

Tumshukuru! Nilisoma neno hilo nikahisi damu inapanda mpaka masikioni. Miaka aliyokaa kwenye kiti kile, akitafuta neno moja la Kifaransa litakalomtendea haki mwanamke wa kijijini, halafu anashukuriwa kwa sababu watu wa Montreal wamegeuza mshale wa saa. Nilimwonyesha papa wa redio. Alisoma, akavua miwani, akaipangusa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Njo vile banatuonaka," alisema. "Sawa betri. Ikiisha, unatia ingine."

Sikumwambia dada. Ila alijua, mtu anajua anapotazamwa kwa huruma. Siku zile alifanya kazi kimya, na kila rekodi aliyoimaliza aliipanga vizuri sana, kama mtu anayemwachia mwingine nyumba.

Alhamisi ya wiki iliyofuata tulikuwa kwenye mkutano bila yeye, mimi na papa, taa ya betri mezani. Msimamizi alitaka kupanga ratiba ya miezi iliyofuata, akatuonyesha kioo cha mashine yake tuone wote. Kulikuwa na safu ya ofisi yao na safu yetu, saa za kazi zimepakwa rangi ya kijani. Juu ya safu yetu palikuwa pameandikwa: Timu ya Kongo, saa za Kinshasa. Kijani chetu kilianza saa mbili asubuhi na kuisha saa kumi na mbili jioni, na mkutano wetu ulikuwa umekaa ndani yake vizuri, saa kumi na moja mpaka kumi na mbili.

Papa wa redio aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Huyu ni mtu ambaye kwa miaka mingi, kila alipofungua habari, alitangaza saa za miji miwili: hii ya Kinshasa, hii ya Lubumbashi, ambayo ndiyo yetu watu wa mashariki. Mtoto yeyote wa Bukavu anajua kwamba Kinshasa wako nyuma yetu kwa saa nzima. Nchi yetu ni kubwa, jua linaichukulia muda.

"Kinshasa?" alisema kwa sauti ile ya habari, na kipaza sauti kilikuwa wazi. "Nani iko Kinshasa hapa?"

Msimamizi aliuliza kama kuna tatizo. Kabla sijafungua mdomo, tonton akaingilia: hapana, hapana, madame, kila kitu kiko sawa, endelea tu. Na mimi, kwa adabu ya kufundishwa, nilinyamaza mpaka mkutano ukaisha. Ndiyo mara ya mwisho niliyonyamaza.

Ilikuwa wazi kilichotokea. Tonton alipojaza habari zetu mwanzoni, aliandika Kinshasa. Kwa miezi yote ile yule mama wa Montreal aliamini kwamba anatuachia jioni yetu. Alitazama kijani chake akaona watu wanaomaliza kazi saa kumi na mbili na kwenda nyumbani kula. Hakujua kwamba kwetu ni saa moja, na kwamba kuna mwanamke anakimbia gizani.

Usiku ule sikulala vizuri, na asubuhi nikaketi kuandika. Kwanza mambo ya saa. Sisi tuko Bukavu, saa ya Lubumbashi, isiyobadilika mwaka mzima. Ninyi mkiwa kwenye majira ya baridi tunawatangulia kwa saa saba, majira ya joto kwa saa sita. Tunaomba mikutano yote ifungwe kwenye saa ya Bukavu: Jumanne na Alhamisi, saa tisa na nusu hadi saa kumi na nusu. Kwenu itakuwa saa mbili na nusu asubuhi wakati wa baridi, saa tatu na nusu wakati wa joto. Saa zikigeuzwa, mtakaosogea ni ninyi.

Hapo papa aliyekuwa anasoma begani kwangu alipiga paja. "Yo! Andika vile vile. Usiweke maua."

Tukaendelea. Ujumbe utakaotufikia kabla ya saa sita mchana wetu utajibiwa siku hiyohiyo. Utakaofika baadaye utajibiwa kesho yake kabla ya saa sita. Ukiandikwa neno "haraka" juu, tutajibu ndani ya saa mbili, ila ndani ya saa zetu za kazi tu. Nje ya hapo utangoja mpaka kukuche. Kujibu si kumaliza: katika jibu tutasema rekodi itakuwa tayari siku gani, na siku hiyo tutaiheshimu. Umeme ukikatika tutawajulisha kwa simu. Jumamosi hatuko, Jumapili hatuko. Na tukipata msiba kwenye mtaa wetu, mmoja atabaki kazini na wengine watakwenda matangani, nanyi mtaambiwa mapema. Papa aliuliza kama wazungu wataelewa mambo ya matanga. Nilimwambia kwamba kule pia watu wanakufa.

Kipengele cha mwisho ndicho kilichokuwa moyo wa barua yote. Timu yetu ni ya watu watatu. Hatutabadilisha mtu kwa sababu ya saa ya mkutano. Asipokuwepo yeye, hatupo.

Maneno hayo matatu ya mwisho niliyasoma mara nyingi. Sikuwa na kazi nyingine mfukoni. Papa pia hakuwa nayo. Nilimtazama, naye akanyanyua mabega yake mazito, akasema, "Tuma."

Nilituma moja kwa moja kwa msimamizi, tonton nikamwekea nakala. Kwetu hilo ni kosa kubwa. Mtu aliyekutafutia kazi, tena mjomba wako, hupiti juu ya kichwa chake kwenda kuzungumza na mwenye mali. Nilijua. Nilipiga moyo konde nikabonyeza.

Simu yake ilikuja mchana, kwake bado ni alfajiri.

"Mutoto wangu, unaandikia muzungu bila kupita kwangu? Mi niko nani?"

"Tonton, we uko tonton yangu. Lakini uliandika Kinshasa."

"Kongo iko Kongo! Hawa watu hawajue Bukavu. Kinshasa banaijua. Nilitaka kuwarahisishia."

"Ulibarahisishia bao. Sisi ulituongezea saa moja ya giza."

"Sikia. Bazungu habapendi mutu wa kubawekea masharti. Kesho banachukua batu ba inchi ingine, na mutabaki na masharti yenu mu mifuko. Nilipiga magoti juu yenu! Na yote juu ya mwanamuke moja anaogopa giza?"

Mama alikuwa mlangoni. Sijui alikuwa amesikiliza tangu lini. Alinyoosha mkono, nikampa simu, kwa sababu mama yangu akinyoosha mkono namna ile unampa.

"Ni mimi, dada yako," alisema. "Wewe ulizaliwa wapi? Sema. Ulizaliwa Nyantende. Ile barabara unaijua. Nani alikuwa anakushika mukono ukitoka ku masomo, juu ulikuwa unalia? Ni mimi. Na haikuwa hata giza, ilikuwa saa kumi na moja. Leo unavaa manteau ya baridi unasema mwanamuke anaogopa giza." Alisikiliza kidogo. "Hapana. Usiniambie contrat, hiyo karatasi yenu. Contrat haikukubeba mugongo."

Akanirudishia simu kama mtu anayerudisha chombo kichafu, akaenda zake jikoni. Tonton alikuwa amekata.

Ijumaa ile ikaisha bila jibu, na Jumamosi na Jumapili pia. Nilijitia ujasiri mbele ya wenzangu, nikatania, nikaimba, lakini nilikuwa nafungua barua pepe kila baada ya muda mfupi kama mgonjwa anayepima homa. Dada alikuwa ameshaisoma nakala, papa alimwonyesha. Alikuja akasimama mbele ya meza yangu.

"Yaya, umehatarisha chakula ya watoto wako juu yangu?"

"Sina watoto."

"Ya maman, basi."

"Maman ndiye aliyempigia kelele tonton. Muulize yeye."

Alicheka, kisha akalia, kisha akakasirika kwamba amelia, akaenda kuvaa vipokea sauti vyake. Sikumwambia kwamba mimi pia ninaogopa. Niliona kwamba hofu tulishailipia vya kutosha.

Jibu lilifika Jumatatu. Nitasema lilivyokuwa, tamu na chungu, maana sipendi simulizi za kupakwa sukari. Msimamizi alishangaa kuhusu Kinshasa. Aliomba radhi, akasema alitafuta Bukavu kwenye ramani na akaona aibu kwa kutoitafuta mapema. Saa tulizotaka alizikubali, ingawa saa mbili na nusu asubuhi ilimlazimu kubadilishana na mumewe zamu ya kupeleka watoto shule. Kuhusu majibu yetu, alisema jambo lililonichoma: kwamba ule wepesi wetu uliwachanganya siku zote. Tunajibu mara moja kwamba tunafanya sasa hivi, halafu rekodi inakuja baada ya siku tatu, na yeye ameshawaahidi wakubwa wake. Angependa jibu la kesho lenye ukweli kuliko la sasa hivi lisilo nao. Nilikasirika kwa muda mfupi, kisha nikakubali, kwa sababu ni kweli. Ile heshima yetu ya kumfungulia mgeni mlango, yeye aliiona kama mlango unaofunguliwa na nyumba haina mtu.

Chungu kilikuwa mwishoni. Rekodi za haraka, zile zinazotakiwa usiku kwa usiku, hatutapewa tena. Watakipa kikundi kingine, cha nchi nyingine, kinachofanya kazi kwa zamu. Ilikuwa sehemu nzuri ya kazi yetu. Tonton aliniandikia mstari mmoja: "Umefurahi?"

Nilimjibu ndiyo. Nilimjibu siku iliyofuata, kabla ya saa sita mchana.

Tulikaza mikanda. Papa alianza kusoma matangazo ya harusi na vifo kwa wenye vipaza sauti vya kukodi. Mimi nilichukua wanafunzi wawili wa Kifaransa. Watu wa ukoo walisema nimeharibu, kwamba nimemvunjia tonton heshima kwa ajili ya mtu asiye hata wa damu. Kwenye sherehe yake shangazi mmoja alinipa mgongo. Nilikula nyama yake vilevile.

Mkutano wa kwanza wa saa mpya ulikuwa Jumanne. Mvua ilikuwa imenyesha mchana ikaacha, na umeme ulikuwepo. Dada aliketi katikati yetu, mbele ya kamera kabisa. Msimamizi aliingia na nywele ambazo hazijakauka. Tonton aliingia pia, kamera yake imefungwa, jina lake tu kwenye mraba mweusi. Hakutusalimu.

Dada alijibu maswali ya wiki zote alizokosa. Palikuwa na mama mmoja kwenye rekodi aliyezungumzia kuzika watoto na kupanda maharage katika sentensi moja, na Montreal hawakujua kama ni mambo mawili au moja. Dada aliwaeleza polepole, na hakuna aliyemkatiza. Msimamizi aliandika, akauliza, akaandika. Muda ulikwenda bila sisi kuona.

Dada aliuona. Saa kumi na nusu ilipogonga, msimamizi alikuwa katikati ya swali jipya, swali refu kuhusu rekodi nyingine. Dada alimsikiliza mpaka mwisho, akakunja karatasi zake.

"Hilo nitawajibu kesho kabla ya saa sita ya Bukavu," alisema kwa Kifaransa chake safi. "Sasa naondoka."

Mraba mweusi ukawaka. "Madame, dakika moja, atabaki," ilisema sauti ya tonton kwa Kifaransa, kisha ikageuka, ikashuka, ikawa ya kwetu: "Mutoto, kaa kidogo. Tano tu. Usituhaibishe."

Alikuwa ameshasimama. Alivuta kitenge chake, akakifunga, akaweka begi begani, halafu akainama mbele ya kamera ili aonekane vizuri.

"Hapana, tonton," alisema. "Saa imeisha."

Msimamizi alitazama saa yake, akasema kwamba ni kweli, saa imeisha, na kwamba tutaonana Alhamisi. Kioo kikawa cheusi. Mimi na papa tulibaki tumekaa na mikono juu ya meza, na chini nilisikia geti likifunguliwa. Nilikwenda dirishani. Jua lilikuwa bado liko juu ya mabati ya Muhumba, na dada alikuwa anashuka barabara ya kwenda kwenye magari, akisimama hapa na pale kusalimia watu, bila kukimbia.